Vimelea Havikujifunza: Klorokwini na Makosa ya Sura Moja ya Uteuzi Asilia

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa idara, walimu wenzangu wa baiolojia, itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie ile sura ya uteuzi asilia iliyopakiwa mtandaoni mwanzoni mwa muhula, ambayo sasa inazunguka kwenye simu za wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita. Wengi wenu mmeisoma, na wengine mmeshaanza kusahihisha majibu yaliyonakiliwa kutoka humo neno kwa neno. Mimi nimeisoma yote. Mwandishi wake anastahili pongezi kwa jambo moja: hakuanza na shingo ya twiga. Amechukua mfano ambao mtoto yeyote wa huku anaweza kuuliza habari zake nyumbani, yaani klorokwini, vile vidonge vichungu vilivyotibu malaria kwa miaka mingi kisha vikaacha kutibu.

Shida ni kwamba mfano mzuri ameueleza kinyumenyume. Anasema klorokwini ilipoenea, vimelea vya malaria vilijikuta hatarini, vikalazimika kujibadilisha ili viishi, na taratibu vikaizoea dawa. Mbele kidogo anasema vilivyobaki ni vile vyenye nguvu zaidi, kwa hiyo kila kizazi kilikuwa bora kuliko kilichotangulia. Na kwenye maswali ya marudio anamtaka mwanafunzi aeleze kwa nini uteuzi asilia ni suala la bahati tupu. Sitataka tuchukue kila kosa na kulipa namba. Nataka tukifuate kisa chenyewe cha klorokwini tangu mwanzo, maana kisa hicho, kikisimuliwa jinsi kilivyotokea, kinaangusha makosa hayo bila sisi kuongeza chochote.

Tuanze na dawa inavyoua. Kimelea cha falsiparum, ambacho ndicho kinacholeta malaria kali huku kwetu, huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula hemoglobini. Humo ndani kina kifuko kidogo cha kumeng'enyea chakula. Hemoglobini ikivunjwa, inabaki himu, kile kipande chenye chuma, na himu ikiwa huru ni sumu kwa kimelea chenyewe. Kimelea hujiokoa kwa kuigandisha himu kuwa fuwele ngumu zisizo na madhara kwake. Aliyewahi kuangalia slaidi ya damu ya mgonjwa kwenye hadubini amewahi kuziona: ni zile punje nyeusi-kahawia ndani ya kimelea kilichokomaa. Klorokwini hujipenyeza kwenye kifuko hicho, hujikusanya humo kwa wingi, na kuzuia himu isigande. Kimelea kinakufa kwa sumu ya mabaki ya chakula chake.

Kimelea sugu kina tofauti gani? Kwenye ukuta wa kifuko hicho kuna protini inayopitisha vitu, na maelekezo ya kuitengeneza yamo kwenye jeni iitwayo pfcrt, katika kromosomu ya 7. Kwenye vimelea sugu protini hiyo imebadilika. Badiliko lililo muhimu kuliko yote liko kwenye nafasi ya 76 ya mnyororo wake, ambapo asidi amino ya laisini imeachia nafasi asidi amino ya threonini. Protini iliyobadilika hivyo inaweza kuitoa klorokwini nje ya kifuko. Dawa inaingia, inatolewa, haifikii kiwango cha kuzuia himu kuganda, na kimelea kinaendelea kula. Hakuna ukakamavu wowote hapo wala uzoefu. Kuna mlango ambao umbo lake ni tofauti kidogo.

Sasa swali ambalo sura ile imelikosea: badiliko hilo lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye kunakili. Kila kimelea kikigawanyika lazima kinakili DNA yake yote, na DNA hiyo ina herufi zipatazo milioni 23. Kunakili huko ni sahihi mno, lakini si sahihi kabisa. Kwa makadirio ya jumla, kosa moja hupita kwa kila herufi bilioni moja zinazonakiliwa. Kwa kimelea kimoja hiyo ni kama hakuna. Lakini mgonjwa mzima mwenye homa kali anaweza kuwa na vimelea bilioni 10 mwilini, na wengine huwa na zaidi ya hapo. Fanyeni hesabu hiyo ubaoni na wanafunzi: makosa ni moja katika bilioni, vimelea ni bilioni 10, kwa hiyo herufi yoyote mtakayoichagua katika zile milioni 23, kuna uwezekano mkubwa kwamba imekwisha kukosewa katika vimelea kadhaa ndani ya mgonjwa huyo mmoja, leo, kabla hajameza kidonge chochote. Makosa mengi kati ya hayo hayana maana. Mengine humuua mwenyewe. Machache sana hubadilisha umbo la protini fulani kwa namna ambayo, mahali fulani, wakati fulani, itakuwa na faida. Kunakili hakujui kama kuna dawa au hakuna.

Mwanafunzi makini atauliza: tunajuaje kwamba badiliko hutangulia dawa? Huenda dawa ndiyo inayolichochea. Ni swali zuri, na lilijibiwa mwaka 1952 na Esther na Joshua Lederberg, mke na mume, kwa jaribio ambalo mnaweza kulichora ubaoni kwa dakika tano. Walitumia bakteria. Walikuza makundi yake kwenye kisahani kisicho na dawa yoyote, yakaota kama vidoa vingi. Wakachukua kitambaa cha mahameli, wakakikandamiza juu ya kisahani hicho, nywele za mahameli zikabeba bakteria wachache kutoka kila kidoa. Kisha wakakikandamiza kitambaa hicho hicho kwenye visahani vingine vyenye dawa ya kuua bakteria, wakichunga upande wa juu ubaki juu. Kwa hiyo kila kidoa kilipata nakala yake mahali pale pale kilipokuwa.

Kwenye visahani vyenye dawa karibu wote walikufa. Wakaota wachache, na wachache hao waliota mahali palepale kwenye kila kisahani. Kama dawa ndiyo ingekuwa inawafanya bakteria wabadilike, waliopona wangetokea huku kwenye kisahani hiki na kule kwenye kisahani kingine, pasipo mpangilio. Akina Lederberg walirudi kwenye kisahani cha kwanza, kile ambacho hakikuwahi kuguswa na dawa, wakachukua bakteria kutoka mahali pale palipoonyeshwa, wakarudia hivyo mara kadhaa, wakapata bakteria sugu ambao wao na mababu zao hawakuwahi kukutana na dawa hata mara moja. Usugu ulikuwepo. Dawa iliwaondoa wengine wakabaki wao.

Hiyo ni maabara. Lakini kwenye klorokwini tunayo historia yetu wenyewe, nayo inasema jambo hilohilo kwa sauti kubwa zaidi.

Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaenea duniani. Usugu wa vimelea vya falsiparum ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1950 katika eneo la mpaka wa Thailand na Kambodia, na karibu na wakati huohuo Amerika Kusini. Afrika je? Huku ndiko kulikokuwa na wagonjwa wengi kuliko kwingine kote, na klorokwini ilimezwa kwa miaka na miaka. Ikiwa vimelea hubadilika kwa sababu vimebanwa na vinahitaji kubadilika, basi vimelea vya Afrika vilikuwa na haja hiyo kuliko vya pengine popote. Hata hivyo miaka ya 1950 ikapita, ya 1960 ikapita, na klorokwini iliendelea kutibu. Taarifa za kwanza za usugu Afrika zilitoka Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970.

Na wanasayansi walipokuja kuichunguza jeni ya pfcrt ya vimelea sugu vya Afrika, pamoja na DNA iliyo jirani nayo pande zote mbili kwenye kromosomu, walikuta alama zilezile za vimelea vya Asia ya Kusini-Mashariki. Usugu wetu haukuzaliwa hapa. Ulisafiri kutoka Asia ndani ya damu za watu, ukafika Afrika Mashariki, ukasambaa bara zima. Naomba mliangalie jambo hili vizuri, maana ndiyo hoja yangu kubwa ya leo. Haja ilikuwepo Afrika kwa zaidi ya miaka 20 bila kuleta badiliko. Badiliko lilipofika kutoka mbali, tayari limekamilika, ndipo uteuzi ukapata cha kuteua.

Kwa nini lilichelewa hivyo, na mimi nimetoka kuwaambia kwamba kila herufi hukosewa ndani ya mgonjwa mmoja? Kwa sababu usugu wa klorokwini hauletwi na herufi moja. Badiliko la nafasi ya 76 linahitaji mengine kadhaa kwenye jeni hiyohiyo ndipo protini ifanye kazi hiyo bila kumlemaza kimelea. Kosa moja ni rahisi kupatikana. Makosa kadhaa sahihi yaliyokutana kwenye kimelea kimoja ni nadra mno, na duniani kote yametokea mara chache za kuhesabika. Linganisheni na habari za siku hizi za usugu kwa dawa ya malaria ya artemisinini, ambazo mnazisikia kutoka Rwanda, Uganda, na hapa kwetu Kagera. Huko herufi moja tu katika jeni iitwayo kelch13 inatosha kuchelewesha dawa kuviondoa vimelea kwenye damu. Na kweli, vimelea vya Rwanda vilipochunguzwa mwaka 2020, ilionekana badiliko lao limezaliwa Afrika. Halikuletwa kutoka Asia. Tofauti ya visa hivi viwili haitokani na ukubwa wa haja ya kimelea, inatokana na urahisi wa badiliko kupatikana.

Tuje sasa kwenye uteuzi wenyewe, na hapa napenda namba kuliko maneno, kwa sababu namba zinamzuia mwanafunzi kufikiria kimelea kimoja kinachobadilika. Tuchukulie, kama mfano wa darasani tu, kwamba kwenye kijiji fulani kimelea kimoja katika 1,000 ni sugu. Na tuchukulie kwamba kwa kuwa watu wanameza klorokwini, vimelea sugu kwa wastani vinafanikiwa kuambukiza watu wapya mara mbili zaidi ya vile visivyo sugu. Mzunguko wa kutoka mtu hadi mbu hadi mtu mwingine tuuweke miezi miwili. Tunaanza na sugu 1 kwa dhaifu 999. Baada ya mzunguko mmoja ni 2 kwa 999. Halafu 4, halafu 8, halafu 16. Baada ya mizunguko 10 ni 1,024 kwa 999, yaani nusu kwa nusu, na haijapita hata miaka miwili. Baada ya mizunguko 15, kimelea kimoja tu kati ya 34 hivi ndicho bado kinauawa na dawa.

Muulizeni mwanafunzi: katika hesabu hiyo, ni kimelea gani kilichobadilika? Hakuna. Kila kilichozaliwa sugu kilikufa sugu, na kila kilichozaliwa dhaifu kwa dawa kilikufa hivyohivyo. Kilichobadilika ni uwiano kijijini. Kundi ndilo linalobadilika, kiumbe kimoja kimoja hapana. Mtoto akilishika hilo, sentensi ya kwamba vimelea vilijibadilisha ili viishi ataifuta mwenyewe.

Hapa pia ndipo mnapoweza kumjibu anayeuliza kwa nini basi mgonjwa huambiwa amalize dozi, kama dawa haivifundishi vimelea. Nusu dozi haimpi kimelea muda wa kuzoea. Inachofanya ni kuweka kwenye damu kiasi cha dawa kinachoua vile dhaifu kabisa na kuviacha vyenye usugu wa kiasi. Klorokwini ilikuwa na ubaya mwingine wa namna hiyo, kwamba haitoki mwilini upesi. Hubaki kwenye damu kwa wiki nyingi ikipungua kidogo kidogo. Mtu aliyepona mwezi uliopita akiumwa na mbu leo, damu yake ina dawa kidogo inayotosha kumzuia kimelea dhaifu asianze, lakini haimzuii sugu. Kwa hiyo uteuzi ulikuwa unaendelea hata ndani ya watu waliomaliza dozi zao vizuri na ambao hawakuwa wagonjwa tena.

Nisiache hapa dhana moja inayotoka mitaani na ambayo sura ile imeichukua kama ilivyo, kwamba mwili wa mgonjwa ndio unaoizoea dawa. Usugu huu ni mali ya kimelea. Vimelea sugu vikihama na mbu kutoka kwa mzee kwenda kwa mtoto ambaye hajawahi kumeza klorokwini maishani mwake, dawa itashindwa kwa mtoto huyo tangu siku ya kwanza. Na atapata shida kuliko mzee, kwa sababu mtu mzima aliyeugua malaria mara nyingi ana kinga inayosaidia kumaliza vimelea ambavyo dawa imeviacha. Ndiyo maana usugu Afrika Mashariki ulitambuliwa kwanza kwa wageni wasio na kinga. Wenyeji wenye vimelea vilevile, wengi wao walikuwa bado wanapata nafuu, na dawa ikisifiwa kwa kazi iliyofanywa na kinga.

Sasa tuvuke mpaka twende Malawi, maana huko ndiko hadithi ya "bora kuliko waliotangulia" inakokwama.

Mwaka 1993 Malawi iliacha klorokwini na kuanza kutumia SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Kenya ilifuata mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001. Mwaka 1992, kabla ya mabadiliko hayo, uchunguzi huko Malawi ulikuta lile badiliko la nafasi ya 76 katika asilimia 85 ya maambukizi. Mwaka 2000 lilikuwa asilimia 13. Na mwaka 2005 pale Blantyre watoto 80 walitibiwa malaria kwa klorokwini, ileile iliyokuwa imeshindwa, na ikawatibu 79.

Kwa mujibu wa sura yetu, vimelea vilivyokuwa bora viliwashinda vilivyokuwa duni. Mbona basi duni wamerudi? Kwa sababu ubora hauko ndani ya kimelea peke yake, uko kati ya kimelea na mazingira yake. Ile protini iliyobadilika ina kazi yake ya kawaida kwenye kifuko cha kumeng'enyea, na ikibadilishwa umbo kazi hiyo inafanyika kwa ulegevu. Dawa ikiwepo, gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na kufa. Dawa ikiondoka, gharama inabaki na faida haipo.

Hasara hiyo ni kubwa kiasi gani? Hesabu yake ni nzuri kwa kidato cha sita. Asilimia 85 maana yake ni sugu 85 kwa dhaifu 15, yaani karibu 5.7 kwa moja. Asilimia 13 ni 13 kwa 87, yaani karibu 0.15 kwa moja. Uwiano umeshuka kama mara 38. Kutoka 1993 hadi 2000 ni miaka 7, na tukiendelea na mzunguko wetu wa miezi miwili, hiyo ni mizunguko 42. Tafuteni namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 42 inatoa takriban 38. Mtapata 1.09. Maana yake, ambapo vimelea sugu 100 vilifanikiwa kuambukiza, vile visivyo sugu vilifanikiwa 109. Tofauti ya 9 kwa mia! Ungewaweka chini ya hadubini, usingemtambua mwenye nguvu na asiye na nguvu. Wala havikupigana. Kuzidiana kidogo tu katika kuzaa na kuenea, kila mzunguko, kwa miaka 7, kumeipindua hali ya nchi nzima. Nayaona maneno ya sura ile kuhusu wenye nguvu kuwamaliza wanyonge kuwa yamemnyima mwanafunzi jambo la kushangaza kuliko yote katika somo hili.

Na kuna jingine kuhusu Malawi. Mtu angeweza kusema vimelea vimeusahau usugu kwa kuwa dawa haipo, kama vile vilivyodaiwa kujifunza. Hilo nalo limechunguzwa. Vimelea vilivyorudi vilikuwa na DNA ya aina nyingi mbalimbali kandokando ya jeni ya pfcrt. Kama vimelea sugu vingekuwa vimegeuka kurudi hali ya zamani, vingebaki na alama ileile moja ya Asia waliyokuja nayo. Vilivyorudi ni wazao wa zile asilimia 15 ambazo hazikuwahi kuwa sugu, zilizokuwa zimejibana kwa watu ambao hawakupata dawa. Hakuna aliyejifunza, hakuna aliyesahau. Familia moja ilipanuka ikabanwa, na nyingine zilizobanwa zikapanuka.

Tanzania ina sura yake ya kisa hiki ambayo ni nadra kufundishwa. Mwisho wa mwaka 2006 tulianza kutumia dawa mseto ya ALu, yaani artemeta na lumefantrini. Ikaonekana kwamba chini ya lumefantrini, vimelea vinavyopona na kurudi mara nyingi ni vile vyenye pfcrt ya zamani, ambavyo klorokwini ingeviua. Herufi hiyohiyo, mahali hapohapo kwenye jeni, inakuokoa kwa dawa moja na kukuponza kwa nyingine. Mwulizeni mwandishi wa sura: kimelea bora ni kipi kati ya hivyo viwili? Swali halina jibu mpaka utaje dawa iliyoko kwenye damu.

Kuhusu bahati nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mambo yote ya kuijibia hoja hiyo tunayo mezani. Kosa la kunakili ni la bahati: haijulikani litaangukia herufi gani, wala haliangukii pale linapohitajika. Kimelea kipi hasa kinyonywe na mbu jioni ya leo, hilo nalo lina bahati ndani yake. Lakini kwamba nchi inayomeza klorokwini itajaa vimelea vinavyoitoa klorokwini kifukoni, hiyo si bahati. Imetokea Asia, imetokea Amerika Kusini, imetokea Afrika. Na baada ya Malawi kupata nafuu, hali kama hiyo ilionekana Kenya na Tanzania pia, ingawa polepole zaidi, kwa kuwa klorokwini haikutoweka upesi madukani. Kitu cha bahati tupu hakitabiriki namna hiyo. Kwa hiyo swali lile la marudio naomba lifutwe, au ligawanywe: nini katika mchakato huu ni cha bahati, na nini sicho?

Ombi langu kwa mwandishi, na nimekwisha kumwandikia, ni kwamba aya ile ya vimelea kujibadilisha isomeke takriban hivi: Katika idadi kubwa ya vimelea, wachache walikuwa tayari na jeni iliyobadilika kwa makosa ya kunakili. Klorokwini ilipotumika, wasio na badiliko hilo waliacha wazao wachache zaidi. Baada ya vizazi vingi, wenye badiliko wakawa wengi katika kundi. Klorokwini ilipoondolewa, waliacha wazao wachache kuliko wenzao, nao wakapungua. Ni sentensi nne, na hakuna ndani yake anayetaka, anayejaribu wala anayezoea.

Na kwa ajili ya mtihani wa muhula, napendekeza swali moja badala ya yale matano yaliyopo. Mpeni mwanafunzi namba za Malawi, 85 mwaka 1992 na 13 mwaka 2000, mwambieni pia kwamba klorokwini ilitibu watoto 79 kati ya 80 mwaka 2005, kisha mwulizeni: wizara ikiirudisha klorokwini iwe dawa ya kwanza kwa kila mgonjwa, nini kitatokea, na kwa nini? Anayeamini kwamba vimelea hubadilika kwa haja atasema itachukua miongo mingi tena, kama ilivyochukua mara ya kwanza, kwa kuwa vitaanza kujifunza upya. Aliyeelewa atasema haitachukua muda mrefu. Atasema vimelea vyenye threonini kwenye nafasi ya 76 havijaisha duniani, vipo kwa majirani na huvuka mipaka pamoja na wasafiri, na vikifika havitahitaji kusubiri badiliko jipya kutoka Asia kama zamani. Kisha atachukua ile hesabu ya kuzidisha kwa mbili aoneshe ni mizunguko mingapi. Huyo mpeni alama zote. Malawi yenyewe ilipofika mwaka 2007 ilichagua ALu, na klorokwini, pamoja na matokeo yale mazuri ya Blantyre, ikaachwa kabatini.